Orodha ya wateja wa mkopo ilikaa wazi mtandaoni: uwaandikie nini, na uitumeje

Swali: Kaka habari. Nina duka Moshi mjini, tunauza simu, tivii na sola kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Wateja wote tunawaandika kwenye Google Sheets, kama 430 hivi, na kila mmoja na mdhamini wake. Tarehe 21 Juni nimegundua kijana wa mauzo alifungua linki ya hilo faili tangu Machi ili mawakala wa Himo na Boma Ng'ombe waone nani kalipa, halafu linki ikatupwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu zaidi ya 60. Nimeshtuka baada ya mama mmoja wa Kiborloni kupigiwa tarehe 18, mtu akamtajia jina lake, mdhamini wake na deni la 215,000, akaambiwa alipe kwa namba nyingine apate punguzo. Hakulipa, na deni lake lenyewe lilishashuka. Shemeji ananiambia niandike tu "taarifa zenu ziko salama, puuzeni matapeli". Mimi naogopa wateja wakisikia wataacha kulipa. Niwaambie nini hasa?

Jibu: Pole dada. Ya shemeji usiitume. Yule mama amesikia kwa masikio yake kuna mtu analo deni lake, akipokea meseji ya "taarifa zenu ziko salama" atamwonyesha jirani, na kuanzia hapo hata la kweli ukisema hakuna wa kukuamini. Na hilo la kuacha kulipa naelewa unakotoka, ila angalia hela inaweza kupotelea wapi: mteja ambaye hajaambiwa ndiye atakayelipa kwa tapeli, halafu anakuja dukani na meseji ya muamala mkononi anakwambia mimi nimeshalipa. Hapo ndio ugomvi wenyewe utaanza.

Kabla ya kuandika neno lolote kwa mteja kuna kazi ya nusu siku hivi, na kama ukiiruka utaandika vitu usivyovijua. Kwanza funga linki, kama hujafunga. Fungua faili, bonyeza Share, pale kwenye General access toa "Anyone with the link" weka "Restricted". Kabla hujabadilisha piga skrini shoti ya jinsi ilivyo, na angalia pembeni yake iliandikwa Viewer au Editor. Hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kama ilikuwa Editor basi mtu yeyote mwenye linki alikuwa anaweza kubadili madeni, na hapo tatizo lako sio kuonwa tu, hata hesabu zenyewe inabidi uzihakiki kwa risiti moja moja. Mawakala wako wa Himo na Boma utawaongeza kwa barua pepe zao, mmoja mmoja.

Usifute faili, usifute meseji kwenye grupu, na usimwambie kijana afute kwenye simu yake. Najua mkono unawasha. Ila zile ndizo zinaonyesha linki ilitumwa siku gani, na nani, na polisi wakizihitaji au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikiuliza utakuwa huna kitu. Piga skrini shoti zenye tarehe, hifadhi, halafu ndio uombe grupu iondoe. Kufunga linki kunazuia wa kesho tu, aliyekwisha kupakua nakala yake jana anayo na hakuna kitufe cha kumnyang'anya.

Sasa tafuta tarehe. Kwenye Drive ukichagua hilo faili na kufungua maelezo yake kuna sehemu imeandikwa Activity, inaonyesha nani alibadili sheari na lini. Hiyo ndiyo tarehe ya mwanzo, usitegemee kumbukumbu za kijana kwamba "ilikuwa Machi Machi". Tuseme umekuta 4 Machi, basi dirisha lako ni 4 Machi hadi 21 Juni. Kitu ambacho hutakiona, kama unatumia Gmail ya kawaida ya bure, ni nani alifungua akaangalia tu. Google haikupi orodha ya watazamaji wasio na jina kwenye akaunti ya bure. Kwa hiyo swali la "je, wangapi wameona" halina jibu, na neno lako la haki kwenye meseji litakuwa "huenda". Watu wengi wanaliogopa hilo neno wanaona linaonyesha udhaifu, wakati ni neno sahihi kabisa hapa: wazi ilikuwa, hilo una uhakika, kuonwa kwa taarifa za wote 430, huna uhakika.

Kuna kitu kimoja hata hivyo unaweza kukijua, na yule mama amekupa bure bila kujua. Tapeli alimtajia 215,000 tarehe 18 wakati deni lilikuwa limeshashuka. Nenda kwenye File, halafu Version history, See version history, tafuta ni lini mstari wake ulisomeka 215,000. Mfano ukikuta alikuwa na 265,000, akalipa 50,000 tarehe 6 Juni ikawa 215,000, akalipa tena 50,000 tarehe 13 ikawa 165,000, basi aliyempigia alikuwa na nakala iliyotoka kati ya tarehe 6 na 13 Juni, na hakuwa anaangalia faili siku ile anapiga. Yaani mtu kapakua au kapiga picha ndani ya ile wiki. Kwa hiyo nakala iko nje na hata sasa linki imefungwa bado inatumika, na hilo linabadilisha kabisa unachowaambia wengine: sio "tumegundua tatizo na tumelitatua", ni "kuna mtu analo, jihadharini". Wateja wengine wakileta simu kama hizo andika deni walilotajiwa na siku waliyopigiwa, ukipata hata watatu picha itajichora. Haikuambii ni nani, usikimbilie kumkamata kijana wala wakala. Mtu yeyote wa lile grupu anaweza, au ndugu yake aliyeazima simu.

Halafu kolamu. Kaa na faili, andika kwenye karatasi kila kolamu iliyomo, hata zile ulizozificha. Kwenye Sheets kuficha kolamu au ukurasa sio kufunga, mtu akitengeneza nakala yake anavifunua. Tuseme umekuta jina, simu, namba ya NIDA, mtaa, bidhaa aliyochukua, deni, tarehe ya rejesho, jina la mdhamini na simu ya mdhamini. Na kama kuna kolamu ya maoni isome yote kwa macho yako, maana huko ndiko vijana wa mauzo wanaandika mambo kama "mumewe hajui amekopa" au "anaumwa, apewe muda". Ikionwa hiyo ni hatari ya aina nyingine, wale watu watafute kwa simu mmoja mmoja, isiwe kwa meseji.

Picha za vitambulisho nazo. Maduka mengi yanazipiga na kuzitupa kwenye folda ya Drive, kisha linki ya kila picha inabandikwa kwenye mstari wa mteja. Kufungua sheet hakufungui picha, kila picha ina ruhusa yake, ila kama folda nzima nayo ilifunguliwa basi zote ziko nje. Kujua ni rahisi: chukua linki ya picha tatu nne tofauti, fungua dirisha la faragha la brauza ambalo hujaingia na akaunti yoyote, bandika. Ikikuomba uingie akaunti, zilikuwa zimefungwa. Picha ikijitokeza, zilikuwa wazi. Fanya hili kabla hujagusa ruhusa za folda, ukishabadili kipimo hakisemi tena ukweli wa jana. Kwenye mfano ninaokuandikia hapa nachukulia picha zilikuwa zimefungwa, wewe ukikuta zilikuwa wazi sentensi hiyo utaigeuza.

Sasa ndio tunakuja kwa mteja. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye hizi meseji ni kumwambia mtu hatua ambazo hazihusiani na kilichovuja, utakuta "badilisha nywila zako zote" wakati hakuna nywila hata moja iliyokuwemo. Mteja wako wa Kibosho mwenye kitochi atabadilisha nywila gani? Chukua kila kolamu ujiulize tapeli anaweza kufanya nini nayo, hatua itajitokeza yenyewe.

Deni, bidhaa na jina la mdhamini vikiwa pamoja vinampa tapeli maneno ya kumfanya mteja aamini ni duka linapiga. Tumeshaona kwa yule mama. Dawa yake ni kumwambia mteja kwamba Lipa Namba haijabadilika na haitabadilika kwa simu wala meseji, basi. Hii ndiyo hatari ya leo na ndiyo itakayoliza watu, kwa hiyo ipewe nafasi kubwa kwenye ujumbe.

Namba ya NIDA inaogopesha watu kuliko inavyostahili upande mmoja na inadharauliwa upande mwingine. Kusajili laini hapa kwetu kunataka alama ya kidole, kwa hiyo mtu mwenye namba yako tupu haendi kwa wakala na kutoka na laini kwa jina lako, labda wakala mwenyewe awe mshirika. Hata hivyo mteja anaweza kujihakiki kwa kupiga *106# na kufuata menyu aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, akiona asiyoitambua anakwenda kwenye ofisi ya mtandao husika na kitambulisho ikafungwe. Ila angalia tena ile namba: ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Na watu wangapi PIN yao ya M-Pesa au Airtel Money ni mwaka wa kuzaliwa? Wengi sana, wazazi wetu hasa. Peke yake PIN haimpi tapeli hela, anahitaji simu au laini yenyewe, lakini simu ikiibiwa stendi na mwizi ana jina na orodha mkononi kazi imekwisha. Kwa hiyo mwambie mteja, kama PIN yako ni mwaka au siku ya kuzaliwa, badilisha. Hatua moja, anaifanya kwa menyu ile ile anayotumia kutuma hela.

Kwa vipimo hivyo, meseji ningeiandika hivi:

> Ndugu mteja wa [DUKA]. Orodha yetu ya wateja wa mkopo ilikuwa wazi mtandaoni 4/3 hadi 21/6 na huenda imeonwa na watu wasiohusika. Ina jina, simu, namba ya NIDA, mtaa, mdhamini na deni lako. Haina PIN wala picha ya kitambulisho. Akikupigia mtu kudai rejesho kwa namba nyingine, USILIPE. Lipa Namba yetu haijabadilika, ni ile ya kwenye risiti yako. Kama PIN yako ni mwaka wa kuzaliwa, ibadili leo. Maswali: fika dukani au piga namba ya kwenye risiti.

Angalia ambavyo havimo. Hakuna "tumedukuliwa", kwa sababu hakuna aliyekudukua, linki iliachwa wazi na watu wako, na ukisema wadukuzi siku mteja mmoja wa lile grupu akieleza ukweli utaonekana mwongo. Hakuna jina la kijana. Hakuna "tukio dogo", ukubwa wake ataupima mteja. Hakuna linki ya kubonyeza, na hili naomba ulishike: tapeli mwenye orodha yako ana namba zote 430, kesho anaweza kutuma meseji inayofanana na yako neno kwa neno na kuongeza linki mwishoni "hakiki taarifa zako hapa". Ukiwa umeshawaambia, kwenye karatasi ya dukani nitakayoitaja chini, kwamba duka halitumi linki na haliulizi kitu, ya kwake itajulikana. Kwa sababu hiyo hiyo sikuandika namba ya simu ya duka ndani ya meseji, nimempeleka kwenye risiti aliyonayo nyumbani, maana namba iliyoandikwa kwenye meseji hata tapeli anaweza kuandika yake, ila risiti ya kabatini hawezi kuifikia. Kama risiti zako hazina Lipa Namba na simu (nimeona nyingi hazina) basi mpeleke dukani au kwa wakala anayemjua kwa sura.

Usiweke deni lake wala namba yake ya NIDA ndani ya meseji ili "ajue ni sisi kweli". Laini zinabadilishwa wenyewe, simu zinashikwa na watoto, na wewe utakuwa umevujisha mara ya pili kwa mkono wako.

Kuhusu kutuma: usifungue grupu la WhatsApp uwaweke wote, kila mmoja ataona namba za wengine, na hao wote ni wadaiwa, sasa umetangaza. Broadcast list nayo ina kasoro, inamfikia tu yule aliyeseva namba yako, wengine wote hawapati na wewe hutajua. Tumia meseji ya kawaida kwa huduma ya meseji za wingi, kwa jina lile lile la mtumaji ambalo wateja wamezoea kupata nalo kumbusho la rejesho. Jina jipya litaonekana utapeli. Kama kumbusho huwa unatuma kwa simu ya duka, basi tuma kwa simu hiyo hiyo hata kama itachukua siku mbili.

Kuna kitu kidogo cha gharama. Meseji moja ni herufi 160, zikiunganishwa kila kipande kinabeba 153, ile niliyoandika jina la duka likiwa fupi inaingia kwenye vipande vitatu. Ukiinakili kutoka kwenye programu inayoweka alama za kunukuu zilizopinda, au ukaweka emoji moja tu ya onyo, mfumo unabadilika na kipande kinabeba herufi 67, na zile tatu zinakuwa saba. Kwa watu 430 utaiona kwenye bili. Andika kwa alama za kawaida tu.

Baada ya meseji bandika karatasi dukani na kwa mawakala wote wawili, hiyo ina nafasi ya kusema zaidi. Humo ndimo unaandika kwamba tarehe 18 Juni mteja mmoja alipigiwa na mtu aliyejua deni lake (bila jina, bila Kiborloni, Kiborloni watu wanajuana), kwamba linki ilifunguliwa na mfanyakazi kwa ajili ya kazi na haikufungwa, kwamba imefungwa 21 Juni, kwamba hamwezi kujua nani aliangalia, kwamba duka halitumi linki na haliulizi kitu, kwamba *106# inatumika hivi, na kwamba meseji ya kitapeli inatumwa kwenda 15040 pamoja na namba iliyoituma. Wale wazee ambao meseji hawasomi unawajua, wapigieni au mawakala wapite. Mpe anayepiga maneno machache ya kusema na umkataze kuuliza chochote, hata "wewe ni fulani wa NIDA namba hii?" Simu inayotoka dukani itoe habari tu, ikianza kuhoji inafanana na ya tapeli.

Wadhamini. Hawa wanasahaulika kila mara kwa sababu sio wateja, na kwenye orodha yako ni kama 430 wengine. Jina na simu zao zimo, na tapeli akishindwa kwa mkopaji atahamia kwao, tena mdhamini ni rahisi kutishika, ukimwambia "uliyemdhamini ametoroka, lipa 80,000 leo tusije kuchukua mali yako" atatoa kwa aibu tu. Waandikie yao:

> Ndugu, uliandikwa kama mdhamini kwa [DUKA]. Jina na simu yako vilikuwa kwenye orodha iliyokuwa wazi mtandaoni 4/3 hadi 21/6, huenda vimeonwa na watu wasiohusika. NIDA yako haimo. Ukipigiwa ulipe deni la uliyemdhamini usitume hela. Mwulize kwanza uliyemdhamini, au fika dukani. Hatudai wadhamini kwa simu.

Jina la mkopaji halimo, kwa sababu nilizosema juu. Na hiyo sentensi ya mwisho iandike tu kama ni kweli. Kama huwa mnawapigia wadhamini, basi ama muache kwa miezi hii mnayotulia, ama uitoe. Na kuna jambo utalikuta hapa, jiandae: baadhi watajibu kwamba hawakujua kabisa kuwa waliandikwa wadhamini. Wapokee vizuri, andika, hilo ni tatizo lako lingine la jinsi fomu inavyojazwa na usilichanganye na hili.

Kabla au sambamba na meseji kuna Tume. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inaisimamia. Kifungu cha 27 kinakutaka wewe mkusanyaji uijulishe Tume mapema iwezekanavyo pale usalama wa taarifa unapovunjwa. Utasikia watu wanataja masaa 72, hayo ni ya Kenya na ya Ulaya, kwetu sheria haijaweka namba ya masaa, lakini usilichukue hilo kama ruhusa ya kukaa mwezi. Mimi nikiwa wewe ningepeleka ndani ya siku mbili tatu na nilichonacho: dirisha la tarehe, idadi ya wahusika (na wadhamini uwahesabu), kolamu zilizomo, tukio la tarehe 18, ulichofanya, na nakala ya meseji unayotuma. Ukigundua zaidi unaongezea. Jua pia kwamba sheria yetu inaweka miamala ya fedha ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo deni na marejesho usiyaandike kama vitu vidogo. Na kama duka halijasajiliwa kwenye Tume, watakuuliza. Nenda pdpc.go.tz uanze huo usajili, ila usicheleweshe taarifa ya tukio eti mpaka usajili ukamilike, ni heri wakukute unajaza fomu kuliko wasikie kwa mteja. Kama una wakili mpe asome taarifa ya Tume na meseji, mradi asikucheleweshe wiki akirembesha Kiswahili.

Polisi pia kafungue taarifa ya ile simu ya tarehe 18, uende na yule mama akikubali maana aliyepigiwa ni yeye, namba iliyompigia iko kwenye simu yake. Upate RB.

Siku ya kwanza baada ya meseji simu zitalia. Kati ya hizo utakuta mmoja au wawili ambao walishalipa kwa namba ya tapeli na hawajui mpaka waliposoma ujumbe wako. Huyo usimweke kwenye foleni ya maswali. Apige huduma kwa wateja ya mtandao wake kwa 100 hapo hapo, aeleze ametuma hela kwa tapeli, awe na namba ya muamala mkononi, hela ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea kuna nafasi izuiwe, ikishatolewa kwa wakala nafasi hiyo karibu haipo. Halafu aende polisi kuchukua RB na alete nakala dukani. Kuhusu deni lake, yaani kama utamhesabia amelipa au la, hilo amua mapema na shemeji kabla meseji haijatoka na liwe sawa kwa wote, maana ukimsamehe wa Pasua ukamkatalia wa Rau habari itafika Mbuyuni kabla ya saa sita mchana. Mimi binafsi ningetazama tarehe: aliyelipa kabla hujamjulisha, kwa tapeli aliyetumia orodha yako, ningembebea angalau sehemu. Aliyelipa baada ya kupata meseji ni habari nyingine. Vyovyote utakavyoamua usiiandike kwenye meseji wala kwenye karatasi ya ukutani, kwa sababu ukitangaza fidia utapata wahanga wengi kuliko tapeli aliowapigia.

Na lile faili, wiki hii hii, toa kolamu ya NIDA kabisa kwenye nakala wanayoona mawakala. Wao wanahitaji jina, simu na deni ili wajue nani kalipa, ile namba ya tarakimu 20 haiwasaidii kitu.